Una kisima au bomba la uhakika: uuze ndoo, uoshe boda, ufyatue tofali au ulime mchicha? Tulinganishe kwa hesabu ya lita

Huku kwetu Chanika, Dar, ukichimba kisima, hata fundi hajamaliza kufunga pampu watu washaanza kukuuliza ndoo utauza shingapi. Na we mwenyewe umezika mamilioni pale chini, unataka hela irudi, kwa hiyo kila anayepita anakuachia wazo lake. Mmoja anasema uza maji, mwingine anasema boda ndo zinalipa, shemeji anataka mfyatue tofali, mama wa nyumba ya pili anakwambia lima mchicha. Mi nimefanya mawili kati ya hayo, kuuza ndoo na kuosha pikipiki, na mengine mawili nimeyaona kwa karibu kabisa, tofali kwa shemeji yangu na bustani kwa jirani ambaye tumepakana nae ukuta. Bei ntakazotaja ni za mtaani kwetu, kwako zitakua tofauti kidogo, weka za kwako ila hesabu ifuate hivo hivo.

Kabla ya kuchagua kuna mambo matano ya kupima na nitayatumia kwa kila biashara: maji inayokula, mtaji, nani anashinda hapo, pesa inayobaki, na msimu. La maji ndo watu wengi wanaliruka, kwa hiyo nianze nalo na nikae nalo kidogo.

Kwanza ujue una lita ngapi, na zina chumvi kiasi gani

Mwenye kisima afanye hivi. Asubuhi, pampu ikiwa haijawashwa tangu jana usiku, weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba na uhesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 36 unapata lita 2,000 kwa saa, ikijaa kwa dakika nzima unapata 1,200. Sasa usizime, maana hapo umepima pampu tu, kisima bado. Acha iendelee na urudie kila nusu saa kwa masaa matatu. Kama saa ya kwanza ilikua sekunde 36 na saa ya tatu imekua 55, maji yanaingia polepole kuliko unavyoyatoa, na ukiendelea utaona bomba linaanza kukohoa hewa, alafu maji yanakua ya udongo au ya mchanga. Hapo zima haraka. Pampu ya kuzamishwa inapoozwa na maji yenyewe, ikizunguka kwenye hewa inaungua.

Hili limenipata. Mwezi wa kumi mwaka mmoja jua lilikua kali, foleni ya ndoo imefika kwenye nguzo ya umeme, nikaacha pampu masaa matano mfululizo kwa sababu sikutaka mtu arudi na ndoo tupu. Jioni kimya, pampu imekufa, na kuipandisha, kununua ingine na kuishusha ilinitoka laki saba na ushee, mauzo ya zaidi ya mwezi mzima yakaenda. Toka hapo nimefunga floti kwenye simtanki na kifaa cha kuzima pampu kisima kikikauka, na sizidishi masaa mawili asubuhi na mawili usiku, katikati kisima kinapumzika.

Mwenye bomba hesabu yake ni rahisi zaidi. Angalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na una simtanki la lita ngapi. Kama yanatoka mara mbili kwa wiki na tanki ni la lita 5,000, basi una lita 10,000 kwa wiki, toa za nyumba, watu sita wanamaliza kama lita 300 kwa siku yaani 2,100 kwa wiki, zinabaki kama 7,900, ambazo ni lita 1,100 na kidogo kwa siku. Hizo ndo za biashara na hamna zingine. Alafu chukua bili yako uone uniti moja, ambayo ni lita 1,000, unalipa shingapi. Hapa ntachukulia 2,000 ili hesabu iwe nyepesi.

Chumvi nayo. Dar yote hii kuanzia pwani mpaka pembeni, visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuwa kimoja kitamu kingine cha chumvi. Kuna kikalamu cha kupimia, unakichovya kwenye glasi kinaandika namba za ppm, bei yake haizidi shilingi elfu thelathini. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakizidi 1,000 watu wengi hawayapendi kunywa. Kwa kumwagilia, mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema chini ya 450 hamna shida, kati ya hapo na 2,000 unachagua zao na unakua makini, juu ya 2,000 shida ni kubwa. Andika namba yako pembeni, tutairudia.

Kuna jambo la sheria nalo usilipite. Kisima cha kuchimba kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani ni kitu kimoja, ila ukishatoa maji kwa biashara Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka uwe na kibali cha bodi ya maji ya bonde lako, na kwa Dar ni Bonde la Wami/Ruvu. Mwenye bomba aulize mamlaka yake ya maji kabla ya kuuza hata ndoo moja, kwa sababu mteja wa majumbani na mteja wa biashara ni makundi mawili ya bei, usije ukakatiwa maji na nyumba ikakosa.

Kuuza ndoo

Maji inayokula ni mengi, kwa sababu unachouza ndo maji yenyewe. Uniti moja inatoa ndoo 50. Sisi tunauza ndoo mia, kwa hiyo uniti moja ni 5,000.

Mtaji kama kisima kipo tayari ni mdogo: simtanki juu ya mnara, koki mbili au tatu, na kijisakafu cha zege ili pasiwe tope. Koki ziwe juu kiasi cha ndoo kuingia chini yake, mtu asichote kwa kuzamisha kopo lake kwenye tanki. Hili la kopo si dogo, Dar mwezi wa nane 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa na kikasambaa nchini, na maji yanaweza kutoka safi ardhini yakachafuliwa na mkono. Kisima kiwe mbali na choo, angalau mita 30, na mpaka uwe umeyapeleka maabara waambie wateja wazi kwamba ni ya kufulia na kuogea, ya kunywa wayachemshe.

Anayeshinda hapo ni mtu mmoja tu, hata mama wa nyumbani au binti akirudi shule. Kazi inakua kubwa saa 12 mpaka 2 asubuhi na saa 10 mpaka 1 jioni, katikati mtu anapika huku anasikiliza hodi.

Pesa sasa. Kiangazi tunauza ndoo 200 kwa siku, yaani 20,000. Hizo ni lita 4,000, pampu yangu ya nguvu farasi moja inazitoa kwa masaa mawili na inakula kama uniti mbili za umeme kwa siku, 60 kwa mwezi. Sasa angalia hapa kwenye luku maana wengi hawapaoni: ukiwa unatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi unalipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi, ukivuka unapelekwa tarifu ya juu ya kama 356. Pampu itakuvusha. Kwa hiyo hata zile uniti 50 za taa na friji ulizokua unanunua kwa bei ya chini zinapanda, hiyo ni nyongeza ya kama 11,700 kwa mwezi juu ya 21,000 za pampu yenyewe. Bado ni hela ndogo ukilinganisha na mauzo ya laki sita, yaani umeme wa ndoo moja haufiki hata shilingi kumi ukiweka vyote, ila uujue mapema usije ukafikiri umeibiwa. Gharama kubwa ya kweli ni pampu kufa. Mi nimeamua ndoo 20 za kwanza kila siku sio zangu, ni za pampu, 2,000 inaingia kwenye kibubu na haiguswi, kwa miezi kumi ni laki sita.

Kwa mwenye bomba faida inapungua sana, 5,000 toa 2,000 ya bili inabaki 3,000 kwa uniti, na kwa lita zake 1,100 za siku ndo hiyo hiyo 3,000 na kidogo.

Msimu: masika ikianza watu wanakinga kwenye bati, mauzo yanashuka mpaka ndoo 50 au 60. Usikope mkopo wa kulipa kila wiki ukitegemea ndoo bila kuhesabu mwezi wa tatu mpaka wa tano.

Inamfaa mwenye kisima chenye nguvu, nyumba iliyo katikati ya wapangaji wengi, na familia ambayo kuna mtu nyumbani siku zote. Maji ya chumvi yanauzika pia, kwa kufulia na kudekia, ila kwa bei ya chini, na jirani akifungua kisima kitamu wateja wanahamia kwake siku hiyo hiyo.

Kuosha boda na bajaji

Maji inayokula ni kidogo. Pikipiki moja ukitumia mashine ya presha ni lita 30 mpaka 40, gari dogo ni kama 120. Uniti moja inaosha pikipiki 25.

Mtaji: mashine ndogo ya umeme mi nilipata kwa laki mbili na themanini, ongeza mpira, brashi, sabuni, matambaa, na sakafu ya zege yenye mteremko. Alafu kuna shimo. Usilisahau shimo. Maji ya kuoshea yana oili na grisi, yakienda njiani kwa jirani utagombana na mtaa mzima, na yakizama karibu na kisima chako unajichafulia mwenyewe. Sisi tulichimba shimo la mita moja na nusu upande wa chini wa kiwanja, mbali na kisima, na kabla hayajaingia humo maji yanapita kwenye kishimo kidogo ambapo oili inaelea juu na tope linakaa chini, kila Jumapili kijana anavichota.

Anayeshinda hapo lazima awe kijana mwenye nguvu na mdomo mzuri, na ni kazi ya kutwa. Pia lazima awe amefundishwa, kwa sababu presha inaharibu. Usielekeze mdomo wa mashine kwenye beringi za magurudumu, kwenye swichi za mkononi wala kwenye kikoili chini ya tanki, grisi inatoka maji yanaingia, alafu boda anarudi kesho anasema pikipiki haiwaki toka ilipooshwa kwako. Ukimaliza mnyororo upulize na uupake oili, hiyo ndo inamrudisha mteja.

Pesa: siku ya kawaida pikipiki 12 kwa 1,500 ni 18,000. Kijana anachukua nusu, sabuni inakula 1,500, inabaki 7,500. Kwa maji ni lita 480 tu. Ukiipeleka kwa uniti inakua kama 15,600, mara tatu ya ndoo.

Msimu ni wa ajabu kidogo, siku ya mvua hamna mtu ila siku inayofuata jua likitoka foleni ni ndefu kwa sababu ya tope. Kwa hiyo masika hufi, unayumba tu.

Inamfaa aliye barabarani au karibu na kijiwe cha boda. Ukiwa ndani, mtaa wa nne toka lami, usijaribu, boda hamalizi mafuta kukufata. Maji ya chumvi hapa yana tatizo lake, yakikauka kwenye rangi nyeusi yanaacha madoa meupe na mnyororo unaota kutu, ukiwa nayo lazima ufute kwa kitambaa kabla hayajakauka.

Kufyatua tofali

Shemeji ndo anafanya hii na nimekaa nae nikahesabu mfuko kwa mfuko. Mfuko mmoja wa simenti kilo 50 anatoa tofali 30 za inchi 6. Wapo wanaotoa 45 mpaka 50, tofali hizo ukiziangusha toka kiunoni zinakua unga.

Maji inayokula watu wanadhani ni yale ya kuchanganyia, kumbe hayo ni kama lita 25 tu kwa mfuko. Yanayomaliza ni ya kumwagilia. Tofali inatakiwa ilowane asubuhi na jioni kwa siku saba, na jua hili la Dar kila tofali inakunywa zaidi ya nusu lita kila mara, ukijumlisha mfuko mmoja unakula kama lita 300. Na hapo ndo mwenye maji anapomzidi fundi wa kununua maji kwa toroli, kwa sababu yule anamwagilia siku mbili anaacha, simenti haijamaliza kushika, tofali inabaki na rangi ya mchanga na kingo zinamomonyoka kwa kidole. Ya shemeji ukigonga mbili pamoja zinalia. Akizifunika kwa nailoni anaokoa karibu nusu ya maji.

Mtaji ndo mkubwa kuliko zote. Anafyatua mifuko 15 kwa wiki. Simenti peke yake kwa 16,500 ni kama laki mbili na nusu, mchanga na fundi inafika karibu laki tano, na hela hiyo inakaa uwanjani wiki mbili tatu kabla mteja hajaja. Pia anahitaji kiwanja kipana ambacho lori linaingia.

Anayeshinda hapo ni fundi na msaidizi siku tatu kwa wiki, siku zingine ni mtu wa kumwagilia tu, na hii hata mtoto mkubwa anaweza.

Pesa kwa mfuko: tofali 30 kwa 1,400 ni 42,000, toa simenti 16,500, mchanga kama 12,000, fundi 4,500, inabaki 9,000, alafu moja au mbili lazima zivunjike, ishike 7,000 hivi. Mifuko 15 ni kama laki na elfu tano kwa wiki, zikiuzika. Kwa uniti ya maji ni kama 23,000.

Msimu: watu wanajenga sana toka mwezi wa sita mpaka wa kumi. Masika mvua inakusaidia kumwagilia tofali zilizoshika ila inabomoa zilizofyatuliwa leo, na lori linakwama.

Inamfaa mwenye nafasi, mwenye hela ya kusubiri, na mtaa ambao bado unajengwa. Kuhusu chumvi kuwa mkweli kwa mteja. Tofali haina nondo ndani kwa hiyo haitaanguka kesho, ila maji ya chumvi sana yanaleta unga mweupe ukutani na rangi inabanduka. Na mteja akikuomba maji hayo hayo akamwagie zege la nguzo na lenta mkatalie, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani na hataiona mpaka zege lipasuke.

Bustani ya mchicha

Jirani ana matuta kumi, kila moja mita moja kwa kumi. Anamwagilia kwa keni asubuhi na jioni, inakuja kama lita 50 kwa tuta kwa siku. Mchicha unakaa kama siku 25, kwa hiyo tuta moja limekunywa lita 1,250 mpaka kung'olewa. Ukiacha ndoo, hii ndo inayokunywa kuliko zote ukilinganisha na pesa inayorudi.

Mtaji ni mdogo kabisa, mbegu na samadi hazizidi 2,000 kwa tuta, ukiwa na jembe na keni umeanza. Anayeshinda hapo ni mwenyewe, kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi na saa moja jioni, ila hawezi kuruka hata siku moja, kiangazi ukisafiri siku mbili unakuta miche imelala.

Pesa: wachuuzi wanakuja kung'oa wenyewe, kiangazi tuta linaenda 10,000. Anazungusha ili kila siku tatu liwepo linaloiva, kwa mwezi anauza matuta kama kumi, laki moja, toa mbegu na samadi 20,000 inabaki 80,000. Kwa uniti ya maji ni kama 6,400. Hiyo ni kwa kisima. Kwa mwenye bomba bili ya lita 12,500 ni 25,000, anabakiwa na 55,000 kwa kuamka alfajiri mwezi mzima. Lakini jirani anasema jambo ambalo hesabu hailioni, toka aanze hajanunua mboga, na hana mtu wa kugombana nae foleni.

Msimu: masika kila mtu ana mchicha, tuta linashuka mpaka 4,000. Mwezi wa kwanza na wa pili ndo hela.

Chumvi hapa inaonekana mapema. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua, maji yako ndo yanafanya hivo. Mchicha unavumilia kidogo, maharage na vitunguu havivumilii. Mwagilia chini ya majani, na mara moja moja mwaga mengi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Sasa utachaguaje

Ukiangalia kwa uniti moja ya maji, tofali inarudisha kama 23,000, boda 15,600, mchicha 6,400 na ndoo kama 5,000. Hapo mtu anaweza kusema ndoo ni ya mwisho, na mi pia nilisema hivo. Lakini rudi kwenye siku nzima: ndoo 200 zinaleta 20,000 kabla ya umeme na pampu, wakati boda imeniletea 7,500. Boda haikukwama kwa maji, ilikwama kwa wateja, pikipiki zinazotaka kuoshwa kwa siku ni 12 hata ningekua na bahari. Kwa hiyo jiulize kinachokwama kwako ni nini. Kama ni maji, chagua inayolipa zaidi kwa lita. Kama maji ni mengi, chagua inayolipa zaidi kwa siku na kwa mtu uliyenae.

Kama una bomba la mgao na lita elfu moja kwa siku, ndoo na bustani zitakumalizia tanki kwa hela ndogo. Ukiwa barabarani osha boda, lita 480 zinatosha na nyumba inabaki na akiba. Ukiwa ndani ya mtaa na una nafasi, fyatua tofali kidogo kidogo, hata mifuko mitatu kwa wiki, na uzifunike kwa nailoni.

Kama una kisima cha lita 2,000 kwa saa kisichochoka na wapangaji wamekuzunguka, anza na ndoo, mtaji wake ni mdogo na hela inaingia siku ya kwanza. Ukishakusanya hela ya pampu ya akiba ndo uongeze kingine.

Kama kisima chako kinachoka baada ya saa moja, usifungue ndoo kabisa, au fungua masaa mawili tu kwa siku na uweke muda ukutani. Kumbuka biashara zote nne zinataka maji zaidi kiangazi, na kiangazi ndo maji ya kisima yanakua chini zaidi. Pima tena kwa ile ndoo na simu mwezi wa tisa au wa kumi kabla hujaahidi mtu chochote.

Kama kuna mtu mmoja nyumbani, mzee au mama mwenye mtoto mchanga, ndoo au matuta manne ya mchicha. Boda na tofali zinataka vijana wa kusimamia na ukiwaachia peke yao hesabu inapotea.

Na kama kikalamu kimeandika zaidi ya 2,000, sahau bustani. Kinachokufaa ni ndoo za kufulia kwa bei ya chini, au kuosha boda huku una mapipa mawili ya maji ya mvua pembeni kwa ajili ya kusuuzia mwisho. Mvua ya vuli moja kubwa kwenye bati la nyumba ya kawaida inajaza mapipa hayo yakamwagika, ni suala la kufunga mfereji tu kabla haijaanza.